Mjomba Alianza Kazi Diwali

Daftari langu ninaliandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayekisoma. Mama anakisema vizuri, akigombana na muuza bamia wa sokoni Kariakoo utadhani amezaliwa mtaa wa Gerezani, lakini herufi anazozijua ni za Kigujarati tu. Baba amezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, naye akisoma kitu ni kitabu cha hesabu. Kwa hiyo daftari nililiacha wazi juu ya kitanda bila wasiwasi, na nikaandika humo kila kitu, hata mambo ambayo msichana wa miaka kumi na tano asingeyasema kwa mdomo. Kwa mdomo mimi sisemi mengi. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalijua, ila linakwama kooni mpaka anamgeukia mwingine.

Mjomba alishuka melini mwaka juzi, mwishoni mwa mwezi wa saba. Ni mdogo wake mama, na mama alikuwa hajamwona tangu aolewe na kuvushwa bahari. Alishuka na sanduku moja la bati na kifurushi cha kitambaa, na ndani ya kifurushi mlikuwa na kifaa chake cha kazi, kile kibao cha chuma cha kupangia herufi ambacho mtu hukishika mkono wa kushoto. Mjomba ni mpanga herufi. Tajiri wa baba ana kiwanda kidogo cha chapa upande wa Mnazi Mmoja, wanachapa kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi na matangazo ya maduka, na Wahindi wengi wanataka kadi zao kwa Kigujarati. Mzee aliyekuwa akizipanga herufi za Kigujarati alikuwa amepofuka jicho moja na la pili lilikuwa linafuata. Hapa mjini hakupatikana mwingine. Baba ndiye karani wa vitabu kiwandani, akamwambia tajiri, shemeji yangu anaijua kazi hii. Tajiri akasema aje.

Alikuja kwa pasi ya mgeni. Kibali cha kazi kilikuwa kimeombwa lakini hakijatoka, na nafasi kwenye meli imepatikana, na tajiri ana kadi za harusi za watu watatu zinazomsubiri. Wakasema aje tu kama mgeni wa dada yake, kibali kitamkuta hapa. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Ukiuliza nusu ya maduka ya Msimbazi utasikia hadithi hiyo hiyo.

Alishuka Alhamisi. Jumatatu alikwenda kazini. Daftari langu linasema hivyo, na linasema pia kwamba alirudi vidole vikiwa vyeusi kwa wino, akala chapati saba, akalala kabla mama hajamaliza kumuuliza habari za nyumbani kwao.

Nilimpenda mjomba. Alikuwa na aibu kama yangu, ila yake ilikuwa ya mtu mzima, anaificha kwa kutabasamu. Kiswahili alijifunza kwangu, tumekaa barazani, mimi nikitaja kitu naye akirudia. Alishika maneno ya chakula upesi sana. Sarufi ilimshinda. Kwake kila kitu ambacho hakipo ni "hapana": hapana maji, hapana kwenda, hapana mvua. Alikuwa na mke kwao na mtoto wa kike wa miaka mitatu, na mshahara wake wote aliuona kwa macho ya safari yao. Nauli ya sitahani, ile ya bei ya chini melini, kwa mama na mtoto, chumba cha kupanga, godoro. Alikuwa na orodha.

Mshahara wake ulikuwa shilingi mia sita kwa mwezi, na katika kila mia sita tajiri alikata mia moja. Baba alitueleza kwa nini. Kodi ya mapato huku haikatwi kila mwezi kwa sheria. Mtu anakadiriwa mwaka ukishapita, halafu analipa. Lakini tajiri aliwahi kuajiri fundi kutoka nje, fundi akapanda meli bila kuaga, na watu wa kodi wakamwandikia tajiri kwamba deni la fundi liko juu yake kwa sababu mshahara wa fundi ulipitia mkononi mwake. Tangu siku ile tajiri anamkata mgeni mapema na kuziweka. Mwaka ukiisha, kama kodi ni ndogo, zinazobaki mwenyewe anarudishiwa. Baba akapiga hesabu nyuma ya bahasha: mtu mwenye mke na mtoto anapata punguzo, na kwa miezi mitano tu ya mshahara kama ule, kodi yake ya mwaka wa kwanza itakuwa sifuri. "Zote zitakurudia," alimwambia mjomba. "Hesabu ni akiba." Mjomba akaziandika kwenye orodha yake: mia tano, nauli.

Sasa inabidi nieleze habari ya vitabu, kwa maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Kwetu sisi mwaka wa biashara unaanza Diwali, sikukuu yetu ya taa, na mwaka ule iliangukia mwishoni mwa mwezi wa kumi. Siku hiyo vitabu vipya vya hesabu, vile virefu vyenye jalada la kitambaa chekundu, vinawekwa mbele ya miungu, vinapakwa unga mwekundu, ukurasa wa kwanza unaandikwa maneno ya heri kabla ya tarakimu yoyote. Tajiri wetu anashika mila hii kuliko watu wa hekaluni. Na ana mwiko wake mmoja alioupata kwa baba yake: jina jipya halitiwi kwenye kitabu kinachozeeka. Mtu akianza kazi katikati ya mwaka, anafanya kazi, anakula, analipwa kutoka mtoto wa meza, ile droo ya tajiri, mkononi, bila kuandikwa. Diwali ikifika ndipo anafunguliwa ukurasa wake kwenye kitabu kipya, ili mwanzo wake na mwanzo wa mwaka viwe kitu kimoja. Wafanyakazi wote wa kiwanda kile, hata mfagiaji mzee kutoka Lindi, kwenye kitabu walianza Diwali. Hakuna aliyewahi kuumia kwa hilo. Mfagiaji alikuwa akisema kwa kucheka kwamba yeye na tajiri wana siku moja ya kuzaliwa.

Diwali ya mwaka ule baba alinichukua kiwandani kwa sababu ninaandika vizuri. Ukurasa wa mjomba niliuandika mimi. Jina lake, kazi yake, mshahara, na tarehe. Mjomba alisimama nyuma yangu akinuka mafuta ya taa wanayosafishia herufi, akatazama jina lake linavyokauka. Mama alileta pipi za maziwa. Na wiki ile ile, kama kwamba serikali nayo inafuata mwaka wetu, kibali cha kazi kikatoka. Nyumbani tuliona ni baraka juu ya baraka.

Mwaka wa Kizungu ulipogeuka, watu wa kodi wakaleta fomu yao kama kawaida: mwajiri aorodheshe wafanyakazi wake, kila mmoja alilipwa nini katika mwaka uliopita, tangu lini. Baba alinisomea kutoka kitabuni, mimi nikanakili kwa Kiingereza kwa mwandiko wa kusimama. Tulipofika kwa mjomba alinisomea tarehe ya Diwali na mishahara ya miezi miwili, na mia mbili zilizokatwa. Nikaandika. Nakumbuka kalamu ilidondosha tone nikalikausha kwa chaki. Sikufikiri kitu kingine zaidi ya lile tone.

Mjomba yeye alikuwa na mambo yake ya furaha. Alikuwa amepata chumba Ilala kwa mjane mmoja wa Kimanyema, nyumba ya vyumba sita, uani kuna kisima. Wahindi wa mtaa wetu walimshangaa kwenda kupanga kwa Waswahili, lakini kodi ya chumba ilikuwa nafuu na yule mama mwenye nyumba alimpenda kwa sababu alikuwa akimpangia kuni bila kuombwa. Chumba alikipaka chokaa mwenyewe. Kwenye ofisi ya meli aliweka jina la mke na la mtoto kwa safari ya mwezi wa sita, akalipa kidogo, akaambiwa amalize kabla ya mwisho wa mwezi wa tano la sivyo nafasi itapewa mtu mwingine. Ruhusa ya mke kuingia nchini ilikuwa imetoka, nayo ilikuwa na tarehe yake ya kufa, mwezi wa saba. Meli nyingine baada ya hapo ingemkuta na karatasi iliyokwisha, aanze kuomba upya, na watu walikuwa wakisema ruhusa zinazidi kuwa ngumu.

Kwa hiyo mia tano zile zilikuwa zinasubiriwa kama mtu anavyosubiri ndugu kituoni.

Mwezi wa nne ikaja barua. Ilimtaka mjomba afike ofisi ya kodi ya mapato athibitishe mambo mawili: tarehe aliyoanza kuwa mkaazi wa nchi, na kodi aliyokatwa na mwajiri. Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni na viatu mguuni. Halafu akakaa chini.

Jumamosi jioni tajiri alikuja kwetu, mjomba naye akiwapo. Nilileta chai na sikuambiwa nitoke, watu husahau kama nipo. Baba alisema kwa adabu sana kwamba wakati umefika wa kuandika barua ya kusahihisha, kwamba shemeji yake alianza kazi siku nne baada ya kushuka, si Diwali. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliuliza tu kibali cha kazi kina tarehe gani. Baba akasema ni ya wiki ya Diwali. Tajiri akasema basi, barua hiyo itakuwa na maana moja, kwamba mimi nilimfanyisha kazi mtu mwenye pasi ya mgeni kwa miezi mitatu, na yeye alifanya, na wewe uliandika vitabu. Watu wa kodi na watu wa uhamiaji wanakunywa chai kwenye kantini moja. "Mimi watanitoza faini," alisema. "Yeye watamrudisha. Chagua wewe barua gani nitie sahihi."

Mjomba akauliza kuhusu mia tatu zile za kabla ya Diwali. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi katika nyumba ya watu. Tajiri akamtazama kwa huruma, na nadhani huruma ile ilikuwa ya kweli. Alisema zilikwenda kwenye dhamana ya pasi yake ya mgeni, ilipoongezwa muda mara mbili, na ada ya kibali, na wakili aliyesukuma faili. Alidhani baba alikwisha mwambia. Baba hakuwa amemwambia kwa sababu baba hakujua. Karatasi hakuna, kinachotoka kwenye mtoto wa meza hakiandikwi.

Tajiri na mjomba walipokuwa wakiondoka baba alimwambia mama kwamba bado kuna mia mbili za Novemba na Desemba, hizo zimo kitabuni, na huenda kodi ikazihurumia. Mama alikuwa akikusanya vikombe.

Nilikwenda na mjomba ofisini Jumanne, saa nne asubuhi, kwa sababu Kiingereza chake ni hakuna na Kiswahili chake ni kile cha barazani. Baba asingeweza kwenda, alisema akiulizwa swali la pili uso wake utamwumbua. Alinifundisha usiku wa kuamkia siku ile nini cha kusema. Nikiulizwa alianza lini, niseme Diwali. Kabla ya hapo alikuwa mgeni wa dada yake, anapumzika. Nilimuuliza baba kama huo ni uongo. Akasema ndivyo kitabu kinavyosema, na kitabu umekiandika wewe.

Tulipita Mnazi Mmoja kwa miguu, mjomba na shati lililopigwa pasi, pasipoti ndani ya bahasha ya kadi ya harusi. Mimi nilikuwa nimechukua daftari langu kwenye mfuko wa shule. Sijui kwa nini nililichukua. Labda nilidhani mtu atauliza kwa namna ambayo kusema kweli kutawezekana, nami nitalifungua pale Jumatatu ya kwanza, chapati saba.

Karani aliyetupokea alikuwa Mswahili wa pwani, mtu mzima, sauti yake nzito na ya taratibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza ninasoma wapi, akasifu Kiswahili changu, akamwambia mwenzake wa meza ya pili aje amsikie mtoto wa Kihindi anavyosema kama mtu wa Bagamoyo. Mwenzake alisema labda mimi ndiye mkaazi na mjomba ni mfuko wangu wa shule. Walicheka bila ubaya. Mjomba naye akacheka, akidhani mambo yanakwenda vizuri.

Halafu akafungua faili. Juu kabisa niliiona fomu yangu, mwandiko wa kusimama, na lile tone lililokaushwa kwa chaki.

Alitazama pasipoti, akapata mhuri wa kushuka, mwishoni mwa mwezi wa saba, na pembeni yake mhuri wa pasi ya mgeni. Akahesabu kwa vidole mpaka Desemba. Akaniambia nimweleze mjomba pole pole, na mimi nikaeleza kwa Kigujarati, sentensi moja baada ya nyingine. Kwamba mwaka wa kodi unaanza Januari na kwisha Desemba. Kwamba mtu aliyeingia nchini kuja kukaa na kufanya kazi, anahesabiwa mkaazi tangu siku aliyoweka mguu, hata kama mwaka umebaki nusu. Lakini mtu aliyekuja kutembea, akapata kazi baadaye, na siku zake zote katika mwaka ule hazikutimia miezi sita, huyo kwa mwaka ule si mkaazi. Na asiye mkaazi hapati punguzo la mke wala la mtoto. Anatozwa kuanzia shilingi ya kwanza.

"Hapa hana miezi sita," alisema karani. "Ana mitano na siku chache. Kwa hiyo inategemea alikuja kwa nini."

Mjomba aliponisikia nikitafsiri hayo aliinua kichwa. Alijibu upesi kwa Kigujarati kwamba alikuja kupanga herufi, alikuja kwa kazi, kila mtu anajua hivyo. Karani alisubiri nimwambie alichosema. Mimi nikasema, "Anasema ameelewa."

Sijawahi kuiandika sentensi hiyo mahali popote mpaka leo.

Karani akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema na ndiyo maana iliuma. Alisogeza kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba wakati mwingine waajiri wanaandika tarehe za vitabu vyao, anawajua. "Nyinyi mna mwaka wenu wa Diwali, sisi tuna wetu wa kuandama mwezi, na Mzungu ana wake. Kodi inaujua wa Mzungu tu." Alisema kama mwajiri ataleta barua kwamba huyu bwana aliletwa kwa kazi na alianza tangu alipofika, yeye ataipeleka kwa mkubwa, na mambo yatakuwa tofauti. Akachovya kalamu. Akaniuliza waziwazi.

"Binti, mjomba wako alianza kazi lini?"

Daftari lilikuwa begani kwangu. Mezani kulikuwa na chupa ya wino na sifongo cha kulowanishia stempu. Nilitazama sifongo.

"Diwali," nikasema.

Neno hilo halihitaji kutafsiriwa. Mjomba alilisikia likitoka mdomoni mwangu katikati ya Kiswahili, na alilielewa kabla karani hajaliandika. Aligeuka akanitazama. Hakuna hasira niliyoiona, na ningeitaka. Alinitazama jinsi alivyotazama jina lake likikauka kitabuni, kwa makini, mpaka mwisho. Halafu akaitazama kalamu ya karani.

Kuhusu kodi iliyokatwa, karani alisoma barua ya tajiri tuliyokuja nayo: shilingi mia mbili, Novemba na Desemba. Akaandika. Akaniambia nimweleweshe mjomba kwamba kukatwa si kulipa. Fedha ikiwa mkononi mwa mwajiri bado ni ya mwajiri kuileta, na kodi inahesabiwa imelipwa siku stakabadhi ya serikali inapotoka. Akauliza kama kulikuwa na makato mengine kabla ya hapo. Nikamwuliza mjomba kwa Kigujarati, neno kwa neno, safari hii kwa uaminifu kamili, kama kwamba uaminifu ungeweza kurudi nyuma.

Mjomba akajibu mwenyewe kwa Kiswahili. "Hapana," akasema. "Hapana kata."

Tulirudi kwa njia ile ile. Mnazi Mmoja watu walikuwa wakijenga jukwaa la mkutano, mbao zikigongwa, vijana wakibishana nani ashike ngazi. Mjomba alinunua karanga, akanipa kifuko chote. Nilitaka kumwambia samahani na nilikuwa na lugha tatu za kumwambia. Alikuwa wa kwanza kusema. Alisema barua ile isingeandikwa hata ningesema kweli, ila sasa angalau hakuna atakayerudishwa. Alisema wewe ni mtoto, ulisema ulichofundishwa. Nilijua ananifariji, na nilijua pia kwamba kile alichojibu mwanzo, kwamba alikuja kupanga herufi, kilikuwa ombi lake la mwisho na mimi ndiye niliyelifungia mlango. Labda karani angeandika tu. Labda mkubwa angesikia. Watu wa uhamiaji, nani aliona wanakunywa chai kantini moja? Tajiri alisema. Sisi tuliamini.

Makadirio yalikuja wiki ya pili ya mwezi wa tano, karatasi nyembamba yenye safu. Mbele ya mstari wa ukaazi palikuwa na neno moja la Kiingereza, na safu za punguzo la mke na mtoto zilipigwa mstari wa wino mwekundu. Kodi ilikula karibu mia mbili zote. Zilibaki shilingi ishirini na kitu. Chini iliandikwa kwamba asiyeridhika anaweza kupinga kwa maandishi kabla ya muda fulani, akieleza sababu. Baba aliikunja karatasi pale penye maneno hayo, akaikunjua, akaikunja tena. Sababu tulikuwa nayo. Ya kuandika ndiyo hatukuwa nayo.

Baba alijaribu kukopa. Hekaluni walisema kuna fungu la mazishi na fungu la wanafunzi, la nauli hakuna. Tajiri alikubali kumpa mjomba mia moja ya mshahara wa mbele, lakini mia moja mama na mtoto hawavuki nayo. Mama alikwenda kuuza bangili mbili kwa sonara wa mtaa wa pili, na sonara akapima, akasema moja ni ya shaba iliyopakwa. Ilikuwa ya mahari yake. Alirudi nayo imefungwa kwenye pindo la sari na akapika kama kawaida. Siku ya mwisho ya mwezi, mjomba alikwenda ofisi ya meli akafuta majina.

Karani wa meli, Mgujarati aliyezoea mambo ya wageni, alikuwa amemwambia jambo moja la kutia moyo, nalo mjomba alilileta nyumbani kama zawadi: kwamba mwaka huu wa pili hatakuwa na shida, atakuwa ndani ya nchi Januari mpaka Desemba, mkaazi bila ubishi, punguzo zote. Kweli kabisa. Baba alipiga hesabu, ikatoka sifuri kama alivyosema mwanzo. Lakini hesabu hiyo ingefungwa mwaka uliofuata, na karatasi ya mkewe ilikuwa inakufa mwezi wa saba. Barua iliyotoka kwao baada ya hapo iliandikwa na baba mkwe, si na mke. Mjomba hakutusomea. Mama aliisoma mjomba alipokuwa kazini, akasema tu kwamba mzee amewarudisha binti na mjukuu kwake, na tangu siku hiyo mama hataji tena jina la yule mtoto.

Jumapili ya kwanza baada ya kufuta majina, kabla barua hiyo haijafika, mjomba aliniomba nimsindikize Ilala, akazungumze na mama mwenye nyumba. Alitaka kurudi kulala kwetu ukumbini apunguze gharama. Tulimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akatuletea kigoda na kipande cha mkeka, akauliza kabla hatujakaa kama meli imekwisha tia nanga. Alikuwa amenunua beseni dogo la kumwogeshea mtoto. Alilileta tulione, la bati, lina maua pembeni. Alisema amelipata kwa bei ya kutupa kwa jamaa wa Msimbazi.

Mjomba alinitazama nitafsiri. Nikafungua mdomo, na lilikuwa lile lile, jibu ninalijua na limekwama kooni.

"Hapana kuja," mjomba akasema mwenyewe.

Yule mama akadhani hakusikia sawasawa. Akaniuliza mimi, mwezi huu hawaji, au hawaji kabisa? Nikasema sijui. Akaliweka beseni chini polepole, akarudi kwenye ungo wake, akapepeta kidogo, akasimama. Alisema kuna mtu na mkewe kutoka Masasi wameulizia chumba tangu Ijumaa, lakini aliwaambia kina mwenyewe. Chokaa ile aliyopaka bwana, alisema, atamfikiria kwenye kodi ya mwezi. Mjomba akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akasema aambiwe asifikirie kitu, chokaa ni ya ukuta.

Akaingia ndani kufunga godoro.